Kabla Hujaitia Kanzu Maji: Chai, Damu, Jasho na Mafuta

Maulidi yakikaribia Lamu, kanzu nyeupe hutolewa makabatini. Kabla ya kugusa doa lolote, jua kwanza nguo ni ya nini. Chomoa uzi kwenye pindo la ndani, ushike kwa koleo, uuwashe juu ya sahani. Pamba huungua upesi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaganda kidonge kigumu. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Ukiona jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko.

Hariri na sufu ni protini, kwa hiyo jiki huziharibu, na sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kuvunja protini huzila polepole. Joho la sufu lipelekwe kwa dobi anayelijua.

Doa gumu kuliko yote, kwangu mimi, ni chai ya maziwa, kwa kuwa ni madoa matatu kwa pamoja: protini na mafuta ya maziwa, na tanini ya majani. Tuseme imemwagika kifuani mwa kanzu ya pamba. Usianze na maji moto, maana yatagandisha protini ndani ya nyuzi. Wala usianze na sabuni ya mche: magadi yake huifanya tanini iwe nyeusi zaidi. Pitisha maji baridi kwa upande wa nyuma, ili doa lisukumwe litoke lilikoingilia. Kisha paka sabuni ya maji ya vyombo, subiri dakika 10, suuza. Hapo mafuta yameondoka na kilichobaki ni rangi ya kahawia. Changanya siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, loweka nusu saa, suuza sana. Ikibaki kivuli, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Siki na jiki zisikutane kamwe: hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Damu nayo hutaka maji baridi, mapema. Kwenye pamba nyeupe malizia na peroksaidi hiyo hiyo. Umanjano wa kwapa mara nyingi hutokana na chumvi za alumini za dawa ya kuzuia jasho zikichanganyika na jasho lenyewe. Jiki huuzidisha, kwa hiyo tumia siki. Mafuta ya pilau kwenye poliesta yawahiwe siku hiyo hiyo kwa sabuni ya vyombo, kwani nyuzi hizo huyapenda mafuta kuliko maji.

Angalia pia maji yako. Ya kisima cha chumvi hukataa povu na kuacha utando wa sabuni unaofifisha weupe, basi weka ya mvua kwa suuzo la mwisho. Kisha ishike kanzu ikiwa mbichi mbele ya dirisha. Doa likionekana bado, rudia kabla haijakauka, na pasi isiiguse, kwani joto hulikaza doa.