Chembe ndogo, damu ya kutosha: kumtambua mwenye jeni ya thalasemia hatua kwa hatua

Chukua mfano wa binti wa miaka 24 anayefika kliniki mjini Kisumu. Amemeza tembe za chuma miezi mitatu kwa sababu aliambiwa chembe zake za damu ni ndogo, na hakuna kilichobadilika. Mashine ya maabara inatoa hivi:

```
HB    12.4 g/dL
RBC   5.6 x10^12/L
MCV   70 fL
MCH   22.1 pg
```

Hatua ya 1: tazama RBC, idadi ya chembe nyekundu, kabla ya kuagiza chuma. MCV ya chini ina maana chembe ni ndogo, basi; haisemi kwa nini. Aliyepungukiwa na chuma hutengeneza chembe ndogo na chache. Huyu ana chembe ndogo lakini nyingi, na hemoglobini yake haijashuka. Gawanya MCV kwa RBC: 70 ÷ 5.6 = 12.5. Jibu likiwa chini ya 13, shuku thalasemia, hali ya kurithi ambayo mwili hutengeneza hemoglobini kidogo. Likizidi 13, shuku upungufu wa chuma. Mwingine mwenye MCV 68 na RBC 3.9 angepata 17.4, na huyo tembe zingemfaa. Hesabu hii ni ya kuelekeza tu. Mtu mwenye jeni ya thalasemia akipungukiwa pia na chuma, RBC hushuka na jibu hupotosha.

Hatua ya 2: pima ferritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Ikiwa chini, tibu upungufu wa chuma kwanza, kisha urudie vipimo. Kumbuka kwamba malaria au maambukizi mengine hupandisha ferritini, hivyo usimpime akiwa na homa halafu ukaamini kwamba chuma kipo tele. Ya binti huyu ni 58 ng/mL, naye hana homa. Chuma anacho.

Hatua ya 3: elewa kinachokosa ulinganifu. Hapa ndipo pa kutulia, maana mengine yote yanatoka hapa. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya globini: miwili ya alfa, miwili ya beta. Jeni za alfa ni nne, za beta ni mbili. Upande mmoja ukizalisha kidogo, hemoglobini inayojazwa kwenye chembe hupungua, ndiyo maana chembe huwa ndogo. Ila madhara makubwa huletwa na minyororo ya upande wa pili inayobaki bila wenza.

Jeni zote mbili za beta zikiharibika vibaya, alfa hujaa kupita kiasi. Alfa pekee haiyeyuki. Huganda ndani ya chembe changa zikiwa bado kwenye uboho, huchubua utando wake, na nyingi hufa kabla ya kuingia kwenye damu. Mwili huona damu haitoshi, uboho hutanuka na kufanya kazi mara nyingi zaidi, na bado kinachotoka ni kidogo. Uboho uliochachamaa hivyo huamuru utumbo uvute chuma zaidi, kwa hiyo mgonjwa hujaa chuma hata kabla ya kuongezwa damu. Mtoto huzaliwa mzima kwa sababu hemoglobini ya mtoto aliye tumboni hutumia minyororo ya gama badala ya beta. Dalili huanza gama inapopungua, kwa kawaida ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Mwenye jeni moja mbovu ya beta ana nyingine inayofanya kazi. Alfa inayozidi ni kidogo: chembe changa ina protini ya kuishikilia isigande, na vimeng'enya vya kuivunja. Chembe huokoka, na uboho hufidia udogo wa chembe kwa kuongeza idadi. Ndiyo RBC ile ya juu.

Hatua ya 4: tafuta ni upande upi. Agiza kipimo cha aina za hemoglobini chenye kiwango cha HbA2, aina ndogo ya hemoglobini isiyotumia beta. Ikizidi 3.5%, ni jeni ya beta. Ya binti huyu ni 2.6%, na ripoti inasema AA, yaani hemoglobini ya kawaida. Wengi hufunga faili hapo, na ni kosa. AA inaonyesha hana selimundu; haiondoi alfa. Magharibi mwa Kenya, ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, kukosa jeni moja au mbili za alfa ni jambo la kawaida, kwa kuwa hali hiyo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Picha yake inalingana na kukosa mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Kipimo cha DNA pekee ndicho kinachothibitisha.

Hatua ya 5: andika kwenye faili. "Chembe ndogo, ferritini ya kawaida, yashukiwa thalasemia ya alfa, asipewe chuma kwa sababu ya MCV peke yake." Akipata mimba, tembe za kawaida za chuma na foliki za kliniki ya wajawazito ameze kama wenzake, kwani ujauzito hutumia chuma chake pia. Mwenza wake naye apimwe, lakini akikutwa na hali kama hii si hofu: binti huyu atampa kila mtoto jeni moja ya alfa inayofanya kazi, na kutoka kwa baba mwenye hali kama yake mtoto atapata nyingine moja. Mtoto huyo atakuwa kama wazazi wake, mzima.