Kwa nini vijiateri ndivyo vinavyoshika presha: piga hesabu mwenyewe, hatua kwa hatua

Wanafunzi wa kliniki ninaowafundisha hapa Mombasa huikariri fomula ya ukinzani wa mishipa mapema sana. Hukwama ninapowauliza hivi: kapilari ni nyembamba kuliko kijiateri, basi mbona si kapilari inayoongoza presha? Chukua karatasi na kikokotoo cha simu, tulijibu kwa hesabu.

Hatua ya 1: Ona nguvu ya nusu kipenyo

Daktari Mfaransa, Poiseuille, alipima maji yakipita kwenye mirija myembamba ya kioo, na matokeo yake yakachapishwa miaka ya 1840. Kwa maandishi ya leo ni haya:

```
Q = ΔP / R
R = 8 η L / (π r⁴)
```

Q ni mtiririko, ΔP ni tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili za mshipa, R ni ukinzani, η ni unato wa damu, L ni urefu wa mshipa na r ni nusu kipenyo chake. Urefu ukiongezeka mara mbili, ukinzani nao unaongezeka mara mbili tu. Lakini r imepandishwa hadi kipeo cha nne. Mshipa ukibaki na nusu ya r yake, ukinzani unapanda mara 16.

Mwilini mshipa hauhitaji kubana kiasi hicho. Punguza r kwa asilimia 10 tu: 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.656. Ukinzani umepanda kwa asilimia 52, na kwa macho ungeapa kwamba mshipa haujabadilika.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, tundika chupa mbili za maji ya dripu kwa kimo kimoja. Moja ifunge kanula ya kijani (namba 18), nyingine ya bluu (namba 22), uziachie zimwagike kwenye majagi mawili. Ya kijani hupitisha takriban mililita 90 kwa dakika, ya bluu kama 35. Hesabu haitalingana kabisa na kipeo cha nne, kwa sababu mpira wa dripu una ukinzani wake, kanula hazina urefu sawa, na maji yakienda kasi huanza kuvurugika. Hata hivyo, mgonjwa anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hatiwi kanula ya bluu, na sababu ndiyo hii.

Hatua ya 2: Tafuta mahali shinikizo linapopotea

Chukua mtu mzima aliyepumzika, moyo wake ukisukuma lita 5 kwa dakika na wastani wa presha yake ukiwa 95. Fuata damu njiani. Inapofika mwanzo wa vijiateri shinikizo ni kama 85. Inapotoka humo ni 35. Mwisho wa kapilari ni 15. Inaporudi moyoni inakaribia 0. Watu hutofautiana, lakini umbo la mteremko ni hilo.

Sasa gawanya kila upungufu kwa lita 5 upate ukinzani wa kila sehemu. Ateri kubwa zimekula 10, kwa hiyo ukinzani wao ni 2. Vijiateri vimekula 50, ukinzani ni 10. Kapilari ni 4, vena ni 3. Jumla ni 19, na 19 × 5 ni 95. Zaidi ya nusu ya ukinzani wote umekaa kwenye vijiateri.

Hatua ya 3: Bana sehemu moja moja

Bana ateri kubwa kwa asilimia 10. Ukinzani wao unatoka 2 hadi 3.05, jumla inakuwa 20.05, na presha inafika 100 hivi. Mabadiliko madogo.

Rudisha ateri kama zilivyokuwa, kisha bana vijiateri kwa asilimia 10 ileile. 10 ÷ 0.656 ni 15.24. Jumla inakuwa 24.24, na presha inaruka hadi 121. Kipeo cha nne kinafanya kazi kote, ila faida yake ni kubwa pale palipokuwa na ukinzani mwingi tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Rudi kwenye swali la kapilari

Hapa usikimbie. Tuseme kijiateri cha mwisho kina nusu kipenyo cha mikromita 6, na kapilari ina 3. Kwa urefu ule ule, kapilari moja ina ukinzani mara 16 wa kijiateri. Hadi hapo mwanafunzi yuko sahihi.

Lakini damu ya kijiateri hicho haipiti kwenye kapilari moja. Tuseme inagawanyika kwenye kapilari 40 zilizo sambamba. Njia zikiwa sambamba, ukinzani wa moja unagawanywa kwa idadi yao: 16 ÷ 40 ni 0.4. Kundi zima la kapilari lina ukinzani chini ya nusu ya ule wa kijiateri kimoja kinacholilisha.

Kisha angalia ukuta. Wa kapilari ni tabaka moja la seli, hauna misuli laini. Kijiateri kimezungukwa na misuli hiyo, na neva za simpathetiki zinaifikia. Noradrenalini ikitoka, misuli inakaza na r inapungua. Kwa hiyo kijiateri kina ukinzani mkubwa na pia kina uwezo wa kuubadilisha kwa sekunde chache. Ateri kubwa nazo zina misuli, lakini umeona kwenye hatua ya 3 zinavyoathiri kidogo.

Hatua ya 5: Ipeleke hesabu kwa mgonjwa

Mama mmoja wa makamo, mkazi wa Kisauni, amepimwa 158/102. Anauliza, "Daktari, ina maana damu imenizidi?" Wastani unapatikana kwa kuchukua namba ya chini na kuongeza theluthi ya tofauti: 102 + 56 ÷ 3, yaani 121 hivi. Ndiyo namba yetu ya hatua ya 3. Unaweza kumjibu, "Mama, damu yako inaweza kuwa kiasi kile kile, ila vimishipa vidogo vimebana kidogo sana."

Amlodipini huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli laini, na vijiateri vinalegea. Kumrudisha kutoka 121 hadi 95 kunataka r ipanuke kwa asilimia 11 tu.

Usiichukulie hesabu hii kuwa mwili mzima. Tumeushikilia moyo kwenye lita 5, wakati kwa kweli mwili huhisi presha na kubadilisha mapigo, na figo huamua kiasi cha chumvi na maji kwa siku nyingi. Mzee mwenye 170/70 naye ana wastani wa 103 tu. Tatizo lake kubwa ni aota iliyokakamaa, na kijiateri hakitakueleza ile 170.

Wiki kadhaa baada ya kuanza amlodipini, mama anarudi na viatu havimwingii jioni. Miguu yote miwili imevimba, lakini hahemi akilala chali na mishipa ya shingo haijajaa. Vijiateri vimefunguka kuliko vena, basi shinikizo ambalo zamani lilipotea humo sasa linafika kapilari na kusukuma maji nje. Furosemidi haitasaidia sana, kwa maana mwili haujajaa maji. Punguza dozi ya amlodipini, au umwongezee losartani ikiwa hakuna kizuizi, kwa kuwa hiyo hulegeza vena pia na kushusha shinikizo ndani ya kapilari.