Kuhamisha malipo ya filamu kutoka kadi kwenda kifurushi cha simu bila kukatwa mara mbili

Shangazi yangu alinunua kifurushi cha simu chenye huduma ya kutazama filamu ndani yake, ilhali alikuwa na akaunti ya huduma hiyohiyo anayoilipia kwa kadi. Akajikuta analipa kotekote. Njia sahihi ni hii.

Hatua ya 1. Hakikisha kifurushi kinalipia huduma yenyewe. Vingi vyenye neno "video" hukupa MB za kutazamia tu, ada unabaki nayo wewe.

Hatua ya 2. Ingia kwenye akaunti ya zamani, andika pembeni barua pepe yake.

Hatua ya 3. Nunua kifurushi.

Hatua ya 4. Fungua linki inayokuja kwa meseji. Hapa tulipoteza mchana mzima. Ukurasa unauliza kama una akaunti au unafungua mpya. Shangazi aliweka barua pepe nyingine, akafunguliwa akaunti mpya. Kifurushi kikawa kinalipia hiyo mpya, na ya zamani ikaendelea kukata kadi, kwani kwa mfumo hao ni wateja wawili. Dalili zilikuwepo: filamu alizoziachia katikati hazikuonekana, na meseji ya benki iliingia tarehe ileile ya kila mwezi. Tulijaribu linki tena, ikagoma kwa kuwa ilishatumika. Ikabidi tupige huduma kwa wateja wa mtandao wa simu, wakaitenganisha akaunti mpya na namba ya shangazi, wakatuma linki nyingine. Safari hii niliifungua kwenye kivinjari ambamo alishaingia kwa barua pepe ya zamani, nikachagua kuunganisha akaunti iliyopo.

Hatua ya 5. Tazama sehemu ya malipo kwenye akaunti. Lionekane jina la mtandao wa simu. Ukiona bado tarakimu 4 za mwisho za kadi, hujamaliza.

Sasa ujue kilichobadilika. Kwa kadi, huduma ya filamu ndiyo inayoomba pesa benki, na unajiondoa hukohuko kwenye huduma. Kwa laini, mtandao hukata salio lako au huongeza kwenye bili, kisha wenyewe hulipana na huduma. Kwa hiyo kujiondoa na kudai pesa iliyokatwa kimakosa huanzia kwa mtandao. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Malipo pia yamefungwa kwenye namba: ukiiacha laini, yanabaki nayo.

Kama unatumia laini ya kuongeza salio na mtandao unakata ada kila mwezi, mimi nashauri ubaki na kadi. Salio lisipotosha siku ya kukata, huduma husimama. Kifurushi kinacholipwa mara moja kwa kipindi kizima ni afadhali, ila andika tarehe ya mwisho. Kikiisha, shangazi ataingia kwa barua pepe ileile na kurudisha kadi yake, bila kufungua akaunti nyingine.