Chrome imekuwa nzito na inaleta matangazo ya ajabu: proksi itangulie viendelezi, wasifu uwe wa mwisho

Chrome ikianza kuburuta na matangazo ya kamari yakaibuka kwenye kila ukurasa, wengi huifuta na kuisakinisha upya. Muda si mrefu matangazo hurudi, kwa sababu kinachoyaleta hakikuwa ndani ya Chrome. Kinaweza kuwa kwenye mipangilio ya Windows, kwenye sera, yaani amri ya msimamizi iliyopachikwa juu ya kivinjari, kwenye kiendelezi, au kwenye akaunti ya Google inayorudisha kiendelezi kilekile kila unapoingia. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, jua kwanza tatizo linaishi wapi.

Nitaeleza hatua hizi kwa kompyuta moja ya duka la steshenari, yenye Windows 11, inayotumika kuchapa na kuwajazia wateja fomu za mtandaoni. Ilikuwa na dalili tatu: kurasa zilichelewa sana kufunguka, utafutaji wa Google uliishia kwenye tovuti isiyojulikana, na pembeni ya skrini, chini kulia, zilitokea jumbe za "kompyuta yako ina virusi" hata dirisha la Chrome likiwa limeshushwa.

Hatua ya 1: Ondoa arifa kwanza

Jumbe za pembeni ya skrini mara nyingi si virusi. Ni tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa, kwa kawaida ile inayokwambia ubonyeze `Allow` ili mechi ianze kuonekana au ili uthibitishe kwamba wewe si roboti. Andika hii kwenye sehemu ya anwani:

```
chrome://settings/content/notifications
```

Shuka hadi orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa zote usizozitambua, kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba arifa. Kwenye kompyuta ya duka kulikuwa na tovuti kadhaa za kuangalia mpira bure, na zilipoondolewa jumbe za virusi zilikoma papo hapo. Uzito na utafutaji uliopotoka vilibaki.

Hatua ya 2: Fungua dirisha la mgeni

Bonyeza picha ya wasifu juu kulia, chagua `Guest`. Dirisha hilo halina viendelezi vyako wala akaunti yako. Fungua humo tovuti zilezile zinazosumbua, kisha uzifungue pia kwenye Edge, kwa sababu Edge na Chrome zote hufuata proksi ya Windows, yaani kipitishi ambacho kurasa hupitia kabla ya kufika kwenye kivinjari.

Soma matokeo hivi. Tatizo likitoweka kwenye dirisha la mgeni, lipo kwenye wasifu wako. Likibaki humo na kwenye Edge pia, lipo nje ya kivinjari, na hata ukiweka Chrome upya mara ngapi hutaligusa. Duka lilitoa majibu mawili: utafutaji ulikuwa sawa kwa mgeni, lakini uzito ulibaki kote. Maana yake yalikuwa matatizo mawili tofauti, na la nje lazima litangulie.

Hatua ya 3: Kagua proksi

Nenda `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha `Proxy`. Kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani au dukani, `Automatically detect settings` huwa imewashwa na haina shida. Unachokitafuta ni mawili: `Use setup script` yenye anwani usiyoijua, au `Use a proxy server` iliyowashwa.

Kama kompyuta ni ya ofisi, chuo au shule, simama hapa na umuulize mtu wa mtandao. Proksi huko inaweza kuwa halali, na ukiizima utakosa intaneti.

Dukani proksi ilikuwa imewashwa, anwani `127.0.0.1`, poti `8080`. Anwani hiyo ni ya kompyuta yenyewe. Yaani ipo programu ndani ya mashine inayopokea kila ukurasa kabla haujafika kwenye kivinjari, na ndiyo maana kila kitu kinachelewa. Usiizime bado. Kwanza ijue programu inayoiendesha, wakati bado inasikiliza kwenye poti hiyo. Fungua Command Prompt, andika namba ya poti uliyoikuta:

```
netstat -ano | findstr :8080
```

Tafuta mstari wenye neno `LISTENING`. Namba ya mwisho kwenye mstari huo ndiyo kitambulisho cha programu. Tuseme ni 4312:

```
tasklist /fi "PID eq 4312"
```

Ukishapata jina, fungua Task Manager, nenda `Details`, bofya kulia kwenye jina hilo, chagua `Open file location`. Hapa ndipo unapotofautisha. Baadhi ya programu za kuzuia virusi nazo hutumia proksi ya ndani, na zenyewe utazikuta ndani ya `Program Files` kwa jina la kampuni yake. Ya duka ilikuwa kwenye folda ndani ya `AppData\Roaming`, iliyotengenezwa siku ileile ilipowekwa programu ya bure ya kupakua video.

Fanya kwanza ukaguzi wa cheti ulio mwishoni mwa hatua hii. Kisha iondoe programu kupitia `Installed apps`, ndipo uzime proksi. Ukizima proksi huku programu bado ipo, itaiwasha tena. Na ukiondoa programu ukasahau proksi, kila ukurasa utaleta `ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED`, na mwenye kompyuta atadhani kifurushi kimeisha.

Washa kompyuta upya, urudi kwenye ukurasa wa `Proxy`. Ikiwa imejiwasha tena, fungua Task Scheduler uangalie kazi zinazoendeshwa mtu anapoingia, hasa zile zinazoita faili lililopo ndani ya `AppData`. Ifute kazi hiyo pamoja na faili lake.

Jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulipita. Proksi haiwezi kupachika tangazo ndani ya ukurasa wa HTTPS bila kuweka kwenye Windows cheti chake cha mizizi, yaani hati inayoifanya kompyuta imwamini mtoaji wake, maana bila hicho kivinjari kingetoa onyo. Kwa hiyo, wakati proksi bado imewashwa, fungua tovuti yoyote kubwa, bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani, uangalie cheti kimetolewa na nani. Ukikuta tovuti zisizohusiana kabisa zote zina mtoaji mmoja mwenye jina la ajabu, hicho ndicho cheti cha proksi; liandike jina lake. Ukishaiondoa programu na kuzima proksi, endesha `certmgr.msc`, fungua `Trusted Root Certification Authorities`, ukitafute kwa jina hilo na ukifute. Kisipokuwepo hapo kitafute kwenye `certlm.msc`, inayoonyesha vyeti vya kompyuta nzima. Usifute cheti kwa kubahatisha. Futa kile tu ulichokiona kwenye kivinjari, na hakikisha si cha programu yako ya kuzuia virusi.

Hatua ya 4: Viendelezi na sera

Sasa rudi ndani ya Chrome. Fungua `chrome://extensions`. Kiendelezi ambacho hakina kitufe cha kuondoa na kinadai kimewekwa na msimamizi, wakati kompyuta ni yako mwenyewe, kimelazimishwa kwa sera. Fungua `chrome://policy` utafute `ExtensionInstallForcelist`. Kwa kompyuta binafsi tu, hifadhi nakala kisha ufute sera, ukitumia Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi:

```
reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" "%USERPROFILE%\Desktop\sera.reg"
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Ikiwa amri inasema ufunguo haupo, badilisha `HKLM` iwe `HKCU`. Funga Chrome na uifungue tena; kwa kawaida Chrome itakiondoa kiendelezi hicho yenyewe.

Dukani hakukuwa na sera, ila kulikuwa na viendelezi 8. Kuvikagua kimoja kimoja kunachosha, na kunadanganya pale viwili vinapogombana. Zima vyote, pakia ukurasa upya, hakikisha tatizo limeisha. Washa 4. Tatizo likirudi limo kwenye hivyo. Lisiporudi limo kwenye 4 vilivyobaki. Gawa tena kwa nusu hadi kibaki kimoja. Kila ukibadilisha, pakia upya vichupo vyote, kwa sababu ukurasa uliokwisha funguka bado unabeba kilichopachikwa mwanzo.

Aliyepotosha utafutaji alikuwa kigeuzi cha PDF. Lakini uzito mdogo uliendelea kwenye tovuti za magazeti, na tulipogawa kwa nusu hakuna kimoja kilichouleta peke yake. Hiyo ndiyo dalili ya mgongano. Vilikuwepo vizuia matangazo viwili, na kila kimoja kilikuwa kikipitia na kubadilisha ukurasa uleule. Bonyeza `Shift+Esc` ndani ya Chrome uone kila kiendelezi kinatumia kumbukumbu na prosesa kiasi gani. Viwili hivyo vilikuwa juu kabisa ukurasa ulipokuwa ukifunguka. Acha kimoja. Viendelezi vya VPN navyo hugombea proksi ya Chrome, na aliyesakinishwa mwisho ndiye anayeshinda, kwa hiyo usiweke viwili.

Usiamini kiendelezi kwa sababu umekaa nacho miaka. The Great Suspender kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, mwenyewe akakikabidhi kwa mtu mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na programu hasidi.

Hatua ya 5: Weka upya, au anza wasifu mpya

Mabaki ya kiendelezi, kama ukurasa wa kuanzia na injini ya kutafuta, husafishwa hapa:

```
chrome://settings/reset
```

Itarudisha mipangilio ya mwanzo, itazima viendelezi vyote na kufuta vidakuzi, hivyo utalazimika kuingia upya kwenye akaunti zako. Alamisho, historia na nywila zilizohifadhiwa hazifutwi. Proksi ya Windows na sera haizigusi, na ndiyo sababu imekaa mwisho.

Dukani ilitosha. Isipotosha, tengeneza wasifu mpya. Hamisha alamisho kutoka `chrome://bookmarks` kama faili la HTML, na nywila kutoka `chrome://password-manager/settings`. Faili la nywila ni maandishi wazi ambayo yeyote anaweza kuyasoma, kwa hiyo usilitume WhatsApp wala kuliacha kwenye flashi. Lifute mara tu baada ya kuliingiza, hadi kwenye pipa la taka.

Kabla ya kuwasha usawazishaji kwenye wasifu mpya, zima vipengele vya `Extensions` na `Settings`. Ukiwasha vyote, akaunti itakurudishia kiendelezi kilekile ulichokihangaikia. Ingia wasifu ukiwa safi, weka viendelezi unavyovihitaji kwa mkono, na ufute wasifu wa zamani baada ya kuhakikisha hakuna kilichosahaulika.

Mwisho, soma ruhusa ambayo kiendelezi hasidi kilikuwa nayo. Kama ilikuwa `Read and change all your data on all websites`, kiliweza kusoma ulichoandika kwenye kila ukurasa, zikiwemo nywila. Badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine, kisha uondoke kwenye akaunti hizo katika vifaa vyote, kwa sababu anayebaki na kidakuzi chako cha kuingia haombwi nywila mpya.