Kabla hujamtaja mdhamini kwenye video yako

Tuchukue mfano wa kawaida. Una chaneli ya mapishi, unarekodia jikoni kwako Tabata, na muuzaji wa Kariakoo anataka uonyeshe jiko lake la umeme la presha. Video ni ya dakika 12, mada ni kupika maharage. Pesa ni nzuri, nawe unataka mtazamaji aliyekuamini mwezi uliopita aendelee kukuamini.

Kabla ya kusaini, jiulize kama bidhaa inagusa hukumu ya video. Kama video inalinganisha mkaa, gesi na jiko hilo, halafu jiko hilo ndilo linalokulipa, ulinganisho wako umeshapoteza nguvu hata ukiwa mkweli. Mimi ningekataa video ya aina hiyo, nikapendekeza video ya kupika tu, ambayo jiko linatumika bila kushindanishwa na kitu. Makubaliano yaandikwe, hata kwa WhatsApp, na yaseme mambo mawili waziwazi: utataja angalau kasoro moja uliyoiona mwenyewe, na mdhamini atakagua usahihi wa bei na jina la bidhaa, lakini hatakata maoni yako. Akikataa hilo la kasoro, ujue anachonunua ni sifa.

Jiko lipate muda wa kutosha jikoni kabla ya kurekodi. Pika nalo chakula cha nyumbani siku za kawaida, siku umeme ukikatika katikati ya mapishi uone kinachotokea. Hapo ndipo kasoro ya kweli inapopatikana. Kwa mfano, maharage hayapaswi kuzidi nusu ya chungu cha presha, kwa sababu yanavimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Kwa hiyo jiko linaloandikwa lita 6 halipiki maharage lita 6, na mama mwenye familia kubwa anahitaji kulijua hilo kabla hajatoa hela.

Sasa mahali pa kulitaja. Usianze nalo: sekunde za mwanzo mtazamaji anataka kuona kama alichoahidiwa kwenye kichwa cha video kipo. Usiliweke pia pale anaposubiri jibu, yaani kifuniko kinakaribia kufunguliwa halafu wewe unaingiza tangazo. Huko ni kumshika mateka. Kwenye video hii nafasi yake ni baada ya kuchagua na kuloweka maharage, unapoyamimina kwenye jiko, kwa sababu hapo hata bila mdhamini mtu angeuliza, "Hilo jiko gani?"

Na neno la malipo litangulie sifa. Sema ukiiangalia kamera, kwa sauti ileile unayopikia: "Wanaouza jiko hili wamenilipa nilitumie leo, na jiko wamenipa, sijalinunua." Ndipo ueleze linavyofanya kazi. Ukisifia kwanza kisha ukasema umelipwa, mtazamaji anahisi ameingizwa mjini, na haki anayo. Sekunde 45 mpaka 60 zinatosha.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuhariri, na wengi hawaioni. Majiko mengi ya aina hii huanza kuhesabu dakika baada ya presha kujaa. Ukibonyeza 35, ukakata picha, ukaonyesha kifuniko kinafunguliwa, umemwambia mtu wa Mbagala kwamba maharage yaliiva kwa dakika 35. Yeye akijaribu kwake atangoja jiko lipate moto, ahesabu hizo 35, kisha asubiri mvuke utoke. Hujatamka uongo, ila mkato wako umeutamka. Weka saa ya ukutani ionekane mara tatu: unapowasha, hesabu inapoanza, na unapofungua. Fanya hivyohivyo na mita ya LUKU, usome uniti kabla na baada, vitu vingine vikubwa vya umeme vikiwa vimezimwa.

Kabla ya kuichapisha, ingia YouTube Studio, fungua `Show more`, weka alama kwenye `Paid promotion`. YouTube itamwonyesha mtazamaji ujumbe mwanzoni mwa video kwa sekunde 10. Alama hiyo haichukui nafasi ya maneno yako, kwa kuwa ujumbe unapita haraka na wengi wanasikiliza huku wanaosha vyombo.

Andika pia pembeni dakika na sekunde tajo linapoanza na linapoishia. Baada ya siku kadhaa utazihitaji kwenye grafu ya watazamaji waliobaki. Mstari ukishuka hapo kisha ukapanda tena, watu waliruka tangazo wakarudi kwenye maharage. Ulirefusha, basi safari ijayo ufupishe. Ukishuka ghafla usipande tena, waliondoka. Hapo rudia kutazama kipande hicho pamoja na sekunde chache kabla yake, kisha soma maoni ya siku hiyo kabla hujakubali mdhamini mwingine.