Jaribu ngazi zako za kusahihishia kwa jibu la kuorodhesha
Kabla hujatoa swali la insha ya uchumi, andika jibu lenye faida tatu na hasara tatu, bila uamuzi wowote, ulisahihishe kwa ngazi zako nne. Likifika ngazi ya 4, ya juu kabisa, unapima urefu tu. Chukua "Tathmini ruzuku ya unga Kenya, 2017, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90." Kusema bei ilishuka ni ngazi ya 2. Ngazi ya 4 idai kupima faida dhidi ya hasara: tajiri naye alinunua kwa 90, hivyo ruzuku inafaa ikiwa tu hakuna njia ya kuwafikia maskini moja kwa moja. Mbinu hugoma swali likisema "eleza" bila kudai uamuzi, au wanafunzi wakishakariri "inategemea" (na hukariri haraka!).