Kutengeneza splinti ya pete kwa kidole chenye shingo ya bata

Baridi yabisi ya miaka mingi huvipinda vidole kwa namna mbili zinazokinzana. Katika shingo ya bata, kiungo cha kati hurudi nyuma kupita kiasi na cha ncha huinama. Katika tundu la kifungo, cha kati hubaki kimekunjika na cha ncha hurudi nyuma. Nitaeleza zaidi ile namna ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayonufaika sana na splinti ndogo ya pete, na mfano wangu ni mama anayeuza mboga Kibuye, Kisumu, aliyeugua kwa miaka 14. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kikikwama kimerudi nyuma, hata akahitaji mkono wa pili kukisukuma kabla ya kuokota sarafu.

Hatua ya 1: Pima kama kiungo bado kinakunjika. Kunja kiungo cha kati polepole kwa mkono wako huku fundo la ngumi likiwa limenyooka, kisha rudia likiwa limekunjwa. Kikikunjika vizuri mara zote mbili, splinti itafaa. Kikigoma fundo likiwa limenyooka na kulegea likikunjwa, misuli midogo ya kiganja imekaza, na mazoezi ya kuinyoosha yaende pamoja na splinti. Kisipokunjika kabisa, usitengeneze pete, bali omba eksirei na maoni ya daktari wa upasuaji wa mkono.

Hatua ya 2: Kata na ulainishe. Kata ukanda wa plastiki ya splinti yenye unene wa milimita 1.6, upana wa takriban milimita 6, kisha uutie katika maji ya nyuzi 65 hadi 70. Sipendi mabomba ya PVC kwa vidole, ingawa ni rahisi kupatikana, kwa sababu hulainika kwenye joto ambalo ngozi haiwezi kulistahimili.

Hatua ya 3: Finyanga juu ya kidole. Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Futa maji, jaribu joto la ukanda kwenye ngozi yako mwenyewe, kisha weka katikati yake juu ya mgongo wa pingili ya kwanza. Zishushe ncha mbili pande zote, zipishane chini ya kiungo cha kati, halafu zipandishe na kuziunganisha juu ya mgongo wa pingili ya pili. Nguvu tatu ndizo zinazofanya kazi: mbili zinazokandamiza kutoka juu na moja inayoinua kutoka chini. Shikilia kiungo kikiwa kimekunjika kidogo, kama nyuzi 15 hadi 20, mpaka plastiki ianze kukaza, kwani ukikiacha kinyooke kabisa, pete italegea na kidole kitarudi nyuma tena.

Tatizo ni kwamba kiungo kilichovimba ni kipana kuliko pingili zilizo kabla na baada yake. Pete iliyobana pingili vizuri hukataa kupita kwenye kiungo, na iliyopita bila shida huzunguka ovyo. Kabla plastiki haijawa ngumu kabisa, izungushe na kuitelezesha kidogo juu ya kiungo, kisha irudishe mahali pake na uifinyange upya. Uvimbe wa asubuhi huwa mkubwa, kwa hiyo splinti iliyofaa alasiri inaweza kubana alfajiri. Mwambie mgonjwa asiilazimishe. Aivae kwa dakika 20 mbele yako, kisha ivue utazame ngozi. Wekundu usiotoweka baada ya dakika chache, ganzi au ncha ya kidole kubadilika rangi ni ishara kwamba pete ifinyangwe upya.

Mwombe akunje ngumi. Ngumi ikizuiwa, punguza plastiki iliyo chini ya kiungo. Mama yule alikunja, akaokota sarafu ya shilingi 5 kutoka mezani, akauliza, “Daktari, nitaivaa hata nikifua?” Nilimjibu aivae katika kazi zote za kushika, lakini aivue anapokanda unga, kwa kuwa unga hunasa ndani na kuichubua ngozi.

Hatua ya 4: Mazoezi. Baada ya kuloweka mkono katika maji ya vuguvugu, anyooshe mafundo ya ngumi na kukunja viungo viwili vya mbele kama ndoano, mara chache bila maumivu. Siku ambayo kiungo kina joto na kimevimba, apumzike.

Kwa tundu la kifungo geuza splinti: mpishano ukae juu ya kiungo cha kati, pete zikandamize kutoka chini, na kiungo cha ncha kiachwe huru ili akikunje mwenyewe. Ikivaliwa kinyume huongeza kupinda. Na mgonjwa akiamka ghafla hawezi kunyoosha kidole alichokinyoosha jana, usianze splinti yoyote, kwa sababu huenda kano imekatika, na anahitaji daktari wa upasuaji haraka.